Nahodha pembeni, mashindano katikati: kupanga picha mbili kwenye video moja

Video ninayoichukulia mfano hapa ni ya aina ambayo vijana wengi wa Lamu wanaitamani: nahodha mstaafu ameketi barazani, anatazama klipu ya mashindano ya mashua kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda, na anaeleza anachokiona. Ndani yake mna mipangilio mitatu. Upo wa picha ndogo ndani ya picha kubwa, mashua zikienda na uso wa mzee ukiwa kwenye pembe. Upo wa skrini iliyogawanywa nusu kwa nusu, mashua mbili zikizunguka boya lile lile. Na upo wa uso peke yake skrini nzima, ambao watu huusahau, nao ndio unaoiokoa mingine miwili.

Mpangilio hauchaguliwi mwanzoni ukakaa hivyo mpaka mwisho. Unabadilika kufuata jicho la mtazamaji linahitaji kuwa wapi. Mashua zinapokimbia, jicho liko majini, uso ukae mdogo. Nahodha anaposimamisha klipu ili aeleze, majini hakuna kinachotokea, kwa hiyo uso uchukue skrini yote. Anapolinganisha manahodha wawili, uso utoke kabisa na sauti yake ibaki. Ukishakubali hilo, hatua zote zinazofuata zinajipanga zenyewe.

Kabla ya kurekodi: klipu safi na ruhusa

Mwombe aliyepiga picha za mashindano akupe faili lenyewe. Akikutumia kwa WhatsApp kama video ya kawaida, itabanwa, na ukija kuikuza ili tanga lionekane vizuri utaona vijisanduku vya rangi badala ya kamba. Mwambie aitume kama `Document`, hapo inafika kama ilivyotoka kwenye simu yake. Muulize pia kama anakubali uitumie, na jina lake uliandike kwenye video. Klipu ya televisheni ni habari nyingine: mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu huisoma hata ikiwa imewekewa uso wa mtu pembeni, kwa hiyo usitegemee kwamba picha ndogo itakuficha.

Kumrekodi mzee

Amua sasa hivi uso wake utakaa pembe ipi, kwa sababu uamuzi huu ndio utakaokwambia uweke tableti wapi. Tuseme umechagua pembe ya chini kushoto. Picha kubwa basi itakuwa kulia kwa uso wake. Anapotazama mashua, macho yake lazima yaelekee kulia kwa mtazamaji, aonekane kama anazitazama zile zile tunazoziona sisi. Kwa hiyo wewe uliye nyuma ya simu inayorekodi, weka tableti upande wako wa kulia, karibu kabisa na simu na chini kidogo ya jicho la kamera. Ukiiweka kushoto, mzee ataonekana akitazama nje ya skrini muda wote, na hakuna hila ya kuhariri itakayorekebisha hilo vizuri. Ukifikiria kuigeuza picha kama kioo, kumbuka maandishi ya kofia yake nayo yatageuka.

Simu inayorekodi ilale, isisimame. Iwe kwenye urefu wa macho yake, na mwanga umjie usoni. Baraza la kivulini linafaa sana mradi nyuma yake pasiwe na ukuta mweupe unaopigwa na jua, maana kamera itaufuata ukuta na uso utakuwa mweusi. Uso utakuja kuwa mdogo kwenye skrini, hivyo mrekodi karibu, kuanzia kifuani kwenda juu, ila uache nafasi ya mikono. Manahodha husimulia kwa mikono, na mkono unaoonyesha tanga linavyolala una maana kama maneno yenyewe.

Sauti ya klipu aisikie kwa spika ya sikioni, upande mmoja tu, ili akusikie na wewe. Hili usiliache. Tableti ikipaza sauti yake, kelele za mashindano zitaingia kwenye maiki ya mzee, na utakapoweka klipu halisi chini yake utasikia kila kelele mara mbili, ya pili ikichelewa kidogo. Mwangwi huo hautoki. Maiki ya kubana kwenye kola inatosha. Kama upepo wa kusi unavuma, ifunike kwa kitambaa chepesi au hamia upande wa ndani wa daka.

Sasa jambo ambalo binafsi naliona ndilo la thamani kuliko yote: washa kurekodi skrini kwenye ile tableti anayotazamia. Tableti nyingi za sasa zina kitufe hicho kwenye menyu ya kuteremsha kutoka juu. Chagua irekodi na sauti ya kifaa chenyewe, kisha zima arifa zote. Nahodha hatatazama klipu moja kwa moja mpaka mwisho. Atasema, "Regesha nyuma, mwanangu, regesha! Mwangalie yule wa demani." Utasimamisha, utarudisha, utaendelea, pengine mara nyingi. Bila rekodi ya skrini, utakuja kukaa usiku ukikisia alikuwa akiona nini aliposema neno fulani. Ukiwa nayo, kila kusimama na kila kurudi kumo ndani, na unapaswa kuoanisha faili mbili tu, mara moja, mwanzoni.

Alama ya kuoanisha itengeneze hivi. Kamera inarekodi, skrini inarekodi. Sogeza tableti mbele ya kamera mpaka skrini yake ionekane, bonyeza kitufe cha kucheza, na useme "hoo!" kwa sauti wakati ule ule picha inapoanza kutembea. Iache sekunde tatu hivi, uisimamishe, uirudishe mahali pake, ndipo uanze kazi. Tayari una mahali ambapo kamera imeona picha ikianza na rekodi ya skrini nayo ina picha hiyo hiyo ikianza.

Kuhariri: picha ndogo kwenye pembe

Naeleza kwa CapCut ya simu kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Programu nyingine zina vitu hivi hivi kwa majina mengine, na vitufe huhamahama matoleo yanapobadilika.

Fungua mradi mpya, weka rekodi ya skrini kama video kuu, na uchague umbo la 16:9. Skrini ya tableti mara nyingi si ya umbo hilo, kwa hiyo utaona mistari myeusi au kingo za kichezeo cha video. Kuza kwa vidole viwili mpaka maji yajaze skrini. Kisha nenda `Overlay`, halafu `Add overlay`, uchague video ya mzee. Itakaa juu ya ile nyingine.

Oanisha kabla ya kupunguza ukubwa wa uso, wakati bado unaiona tableti vizuri ndani ya picha ya mzee. Tafuta fremu ambayo picha ya kwenye tableti inaanza kutembea, ukate hapo. Tafuta fremu hiyo hiyo kwenye rekodi ya skrini, ukate hapo pia. Anza zote mbili mahali pamoja. Mlio wa "hoo!" unakusaidia kufika karibu haraka, lakini picha ndiyo ya kuamini. Baada ya hapo nenda moja kwa moja mwisho wa video utazame tena. Simu haichukui fremu kwa mwendo uliosawa kabisa, na rekodi za skrini ndizo zilizo mbaya zaidi, kwa hiyo faili mbili zinaweza kuanza pamoja na kuachana pole pole. Utaijua hali hiyo mzee anapocheka kabla mashua haijapinduka. Dawa yake si kubadilisha mwendo wa faili zima. Kata uso mahali klipu iliposimamishwa, sogeza kipande kinachofuata mpaka kikae sawa, na uendelee. Kwa kuwa kila kusimamishwa utakukata hata hivyo, kama nitakavyoeleza, marekebisho haya hayaonekani.

Sasa punguza uso. Kwanza ukate kwa `Crop` uwe mraba, kichwa na mabega yake tu, kisha uuvute uwe mdogo. Watu hufanya kinyume chake, wanapunguza picha nzima, na nusu ya kile kisanduku inakuwa ukuta na nguzo ya baraza. Ukubwa unaofaa ni kimo cha karibu theluthi moja ya kimo cha skrini. Ukienda robo, anayetazama kwa simu hataona macho, na macho ndiyo yanayosema nahodha ameshtuka. Ukizidi theluthi unaanza kula bahari. Acha nafasi kidogo kati ya kisanduku na ukingo wa skrini, na upande wa chini iwe kubwa zaidi, maana hapo ndipo mstari wa kuchezea na maandishi ya chini hutokea.

Kwa nini chini kushoto? Katika klipu hii mashua zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na matanga yetu ya pembe tatu hupanda juu sana kwa sababu ya foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Juu kuna tanga, kulia ndiko mashua zinakokwenda, kwa hiyo kilicho tupu ni maji yaliyokwisha kupitwa. Klipu yako ikiwa na mwelekeo mwingine, itazame yote bila sauti, ukiwa umeweka kidole kwenye pembe uliyoikusudia, uone kama kitu cha maana kinapita chini ya kidole. Ukishaiweka, usiihamishe huku inaonekana. Kisanduku kinachotembea kinavuta jicho kuliko mashua yoyote.

Anaposimamisha

Hapa ndipo mpangilio wa tatu unapoingia. Klipu ikisimamishwa, kichezeo cha tableti huonyesha vitufe vyake katikati ya picha, na rekodi ya skrini inavinasa. Kata video zote mbili pale pale inaposimama, na kwenye kipande hicho upanue uso uchukue skrini nzima. Vitufe vinafichika, na mtazamaji anapata mtu anayezungumza naye kwa karibu. Klipu inapoendelea, rudi kwenye kisanduku.

Mara nyingine mzee ananyoosha kidole kwenye kitu, "Tazama huyo aliyeketi juu ya ubao, amechelewa kuingia." Hapo uso peke yake hautoshi. Chukua klipu asilia, ile uliyotumiwa kama dokumenti, nenda kwenye fremu hiyo, ubonyeze `Freeze` upate picha tuli, kisha uikuze mpaka yule mtu wa kwenye ubao aonekane. Picha tuli ikae kwa muda wa sentensi anayoisema, si zaidi. Ikiganda zaidi ya hapo mtu hudhani intaneti yake imekatika.

Upande wa sauti, mzee awe 100. Klipu ishuke mpaka 20 hivi anapozungumza, na anaponyamaza ipande mpaka 60 au 70, ili vigelegele na maji yapigayo ubavuni yasikike. Kata sauti ya klipu kwenye mianya ya mazungumzo na uiweke kipande kwa kipande. Ni kazi ya subira, lakini klipu inayovuma kwa kiwango kimoja chini ya mtu anayesema inachosha sikio upesi.

Nusu kwa nusu: mashua mbili, boya moja

Ulinganisho tunaoutaka ni huu: nahodha anadai kuwa mashindano yaliamuliwa penye boya, pale mashua zilipobisha na mabaharia wakapitisha foromali upande wa pili wa mlingoti. Tunayo picha ya mashua ya kwanza ikizunguka, na ya mashua ya pili ikizunguka baadaye. Tunataka mtu azione pamoja.

Usifanye kazi hii ndani ya mradi ule ule. Fungua mradi mwingine, uitengeneze kama klipu moja, uitoe, kisha uiingize kwenye video kuu. Simu itapumua, na wewe hutavuruga oanisho ulilokwisha kuhangaikia.

Kata kila klipu kwa `Crop` iwe mraba wenye kimo chote cha picha, mashua ikiwa katikati. Moja iwe video kuu, nyingine `Overlay`. Zikuze zote mbili mpaka ziguse juu na chini ya skrini. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, kila mraba una upana wa 1080, na nusu ya skrini ni 960. Kwa hiyo sukuma mmoja kushoto na mwingine kulia mpaka zikutane katikati, na 120 ya kila mmoja itaishia nje ya ukingo. Hiyo si hasara ikiwa mashua ilikuwa katikati. Acha ufa mwembamba kati yao, rangi ya nyuma iwe nyeupe, nao ufa huo utakuwa mstari wa kugawanya bila kuchora chochote. Bila mstari, bahari ya kushoto huungana na ya kulia na macho huona maji mamoja yenye mashua mbili zinazogongana.

Oanisha kwa tukio, si kwa saa. Nilichagua omo ya mashua ilipofika usawa wa boya. Tafuta fremu hiyo kwenye kila klipu, urudi nyuma sekunde mbili, uanzie hapo. Kisha ziache zote ziende kwa mwendo wao halisi. Mashua ya kushoto inamaliza, tanga limejaa upande wa pili, kwa sekunde 14. Ya kulia inachukua 19. Ya kushoto ikishamaliza, igandishe kwa `Freeze` na uiache ya kulia iendelee. Zile sekunde 5 ambazo upande mmoja umetulia na mwingine bado unahangaika na foromali zinaeleza madai ya nahodha kuliko namba yoyote utakayoiandika.

Ulinganisho wa namna hii unaweza kudanganya bila mtu kukusudia. Kama klipu moja ilipigwa kwa mwendo wa taratibu, mashua hiyo itaonekana nzito, nawe utamsingizia nahodha wake. Tazama mtu anayetembea au maji yanayoruka uone kama yanakwenda kama kawaida. Ukitaka kupunguza mwendo, punguza zote mbili kwa kipimo kimoja. Tazama pia urefu wa mashua kwenye skrini: iliyopigwa kwa mbali huonekana inakwenda polepole kuliko ya karibu. Kuza ya mbali mpaka miili yao ilingane, lakini klipu ya 1080 ukiikuza zaidi ya mara moja na nusu itaanza kufifia. Ikikataa kulingana hapo, punguza ile ya karibu.

Halafu kuna kishawishi cha kugeuza klipu moja kama kioo ili mashua zielekee upande mmoja. Usifanye. Upepo utageuka pia, mashua ya joshi itakuwa kama inapigwa na upepo wa upande mwingine, na namba iliyo kwenye tanga itasomeka kinyume. Mgeni hatajua, ila mtu wa Matondoni au Shela atajua kwa kutazama mara moja, na hataamini tena lolote lililobaki kwenye video.

Andika jina la kila mashua juu ya nusu yake, sehemu ile ile pande zote mbili. Sauti za klipu zote mbili zizime kabisa. Maneno ya nahodha tu ndiyo yapite hapo, na uso wake usiuweke. Picha ya tatu juu ya mbili zinazotembea haipati mtazamaji.

Toleo la kusimama

Ukitaka kipande hicho kiende TikTok au Status, usikikate kilivyo. Nusu mbili zilizosimama sambamba kwenye skrini nyembamba ya 1080 kwa 1920 huacha kila mashua na upana wa 540, na tanga linabaki bila mashua. Fungua mradi wa 9:16 na uzipange juu na chini. Kila klipu ya asili, upana wake wote wa 16:9, inachukua kimo cha karibu 608. Mbili zinakula 1216, na chini inabaki kama 704. Hapo mrudishe mzee, kwa kuwa sasa ana nafasi yake na hafuniki mtu. Maandishi ya programu yatamfunika kifuani tu, kwa hiyo mpandishe ili uso ukae sehemu ya juu ya nafasi hiyo, na umsogeze kushoto kidogo aepuke vile vitufe vya kulia.

Toa kwa 1080p na fremu 30. Kabla hujaituma kwa mtu, itazame kwenye simu ndogo, nje, mchana, mkono ukiwa umenyooka. Majina yasiposomeka hapo, yaongeze ukubwa, kwa maana hivyo ndivyo watu wa gati watakavyoitazama.